Fundi Aseme kwa Kinywa Chake

Kila ifikapo Novemba mafundi wetu wa nguo, tangu Ruiru hadi Thika, huanza kusema kwa sauti moja. Si kwamba wamekutana mahali wakapatana. Ni kwamba wote wameazima maneno kutoka kapu moja. Fungua simu yako utazame kile kitangazo kifupi cha WhatsApp ambacho vijana hukiita stetasi, nawe utasoma hivi:

"Wateja wetu wapendwa! Msimu wa sherehe umewadia. Tunatoa huduma bora za ushonaji kwa bei nafuu kwa mahitaji yako yote. Ubora ni fahari yetu. Weka oda yako sasa!"

Kisha nyota tatu, fataki mbili na mzee mwenye ndevu nyeupe. Maneno haya nimeyanakili kama yalivyo kutoka kwa fundi mmoja mwanamke mwenye kibanda upande wa Kihunguro, Ruiru. Jina lake nitalihifadhi. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliandikiwa na kijana wa jirani ambaye huuza vocha na kurekebisha simu, na ambaye kwa hakika alikuwa na nia njema. Hoja yangu leo ni kwamba kijana yule alimharibia mama huyu kazi, na kwamba tangazo hilo lilipoandikwa upya kwa sauti ya fundi mwenyewe halikupata uzuri tu, bali lilipata ukweli ambao lile la kwanza halikuwa nao.

Tuanze na neno "tunatoa". Ni nani hao wanaotoa? Katika kibanda kile kuna fundi, cherehani moja ya kukanyaga iliyofungwa mota, na mwanagenzi mmoja anayepiga pindo na kushona vifungo. Na "wateja wetu wapendwa" ni akina nani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na wengi hawalifikirii. Stetasi haisomwi na kila mpita njia. Kwa kawaida humfikia mtu ambaye namba yake fundi ameihifadhi, naye ameihifadhi namba ya fundi. Maana yake ni kwamba wasomaji wake wote ni watu wanaomjua. Karibu wote wamewahi kusimama mbele ya futi kamba yake mikono ikiwa juu, naye akaandika kiuno chao kwenye daftari. Anajua nani amenenepa tangu Pasaka na nani hulipa kwa mafungu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita "mteja wetu wapendwa" (na sarufi nayo imeteleza) kama kwamba ni abiria aliyechungulia bango kutoka kwenye dirisha la matatu pale barabara kuu ya Thika.

Bango la barabarani ni kitu kingine. Lile linasema na mgeni, kwa hiyo lazima litaje jina, mahali, namba ya simu, na kujisifu kidogo. Stetasi haina haja ya namba ya simu hata kidogo, kwa maana anayeisoma tayari anayo. Nimeona mafundi wakipoteza mstari mzima kuandika namba ambayo msomaji akigusa mara moja tu anaweza kujibu.

Ukitaka kujua jamaa halisi wa stetasi, usitazame bango, tazama leso. Watu wa pwani walikwisha kujua zamani jinsi ya kusema jambo kwa maneno machache juu ya kitambaa, wakamlenga mtu anayewajua. Leso zinazotoka katika duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, hubeba alama ya maneno matatu: Mali ya Abdulla. Hapana "huduma bora", hapana "ubora ni fahari yetu". Mwenye mali ametajwa kama jirani angevyomtaja, basi.

Sasa, tangazo la fundi wetu liliandikwaje upya? Halikuandikwa kwa kutafuta maneno matamu. Niliketi kibandani kwake asubuhi moja nikasikiliza anavyowajibu watu mlangoni. Mwanamke mmoja alichungulia akiwa na mtoto mgongoni, akauliza kama bado anapokea nguo za Krismasi. Fundi hakumwambia habari za ubora. Alimwuliza mambo manne, moja baada ya lingine, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono: "Mko wangapi? Kitambaa mmenunua? Mnaenda nyumbani lini? Watoto wako wapi niwapime?"

Katika maswali hayo manne kuna tangazo zima. Kila swali limezaliwa na hasara aliyowahi kuiona.

Lichukue lile la "mnaenda nyumbani lini". Ruiru ni mji wa wapangaji. Na Thika vivyo hivyo, hasa Makongeni na mitaa iliyo karibu na viwanda. Krismasi ikikaribia watu hawa hupanda magari kwenda kwao: Murang'a, Nyeri, Matuu na Mwingi, Kakamega, Kisii, Siaya. Nauli hupanda kila siku inayopita, kwa hiyo mwenye busara husafiri mapema. Fundi anayeahidi nguo kwa tarehe 24 Desemba anaahidi nguo kwa mtu ambaye hatakuwapo. Tarehe ya kweli ya fundi wa Ruiru si 25 wala 24. Ni Jumamosi ya mwisho kabla watu hawajaondoka. Mwaka 2025 Jumamosi hiyo iliangukia tarehe 20. Tangazo la kijana wa vocha halikuwa na tarehe yoyote.

Nikamwomba fundi achukue daftari tuhesabu. Jumatatu tarehe 24 Novemba mpaka Jumamosi tarehe 20 Desemba ni majuma manne, na yeye hufanya kazi siku sita kwa juma. Hizo ni siku 24. Lakini Jumamosi zote nne huwa hashoni. Zamani alikuwa na kibanda Makongeni, Thika, kabla ya kuhamia Ruiru, na wateja wake wa zamani hawajamwacha; kila Jumamosi katika msimu huu hupanda gari, safari ya kilomita 20 hivi, akaketi kwa dada yake kupima watu na kuwajaribisha nguo. Zikabaki siku 20. Tukatoa siku ya Jamhuri, Desemba 12. Tukatoa siku moja ya stima kupotea, ambayo yeye alicheka akasema mimi ni mkarimu kwa watu wa stima. Zikabaki siku 18.

Gauni la mama lenye bitana humla siku nzima, akianza na kukata mpaka zipu. Shati la mwanamume ni nusu siku. Nguo ya mtoto ni chini ya hapo. Ukichanganya pamoja, yeye na mwanagenzi wake hutoa nguo mbili kwa siku, na hizo ni nguo zilizomalizika, si zilizoshikizwa kwa pini. Siku 18 mara mbili ni nguo 36. Na familia ya kawaida, baba, mama na watoto wawili wanaotaka kufanana, ni nguo nne. Kwa hiyo uwezo wote wa kibanda kile kwa msimu mzima wa sherehe ni familia tisa.

Familia tisa! Mama wa watu alinyamaza. Alinionyesha kwamba stetasi yake ya juzi ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya mia moja. Hao wote wameambiwa "weka oda yako sasa" kwa "mahitaji yako yote". Kama thelathini tu kati yao wangeitikia, fundi angekuwa na deni la nguo 120 naye ana mikono ya kushona 36. Msomaji anajua kinachofuata, kwa maana amewahi kukiona: "njoo kesho", "bado vifungo tu", "mwanagenzi aliugua", na mtoto akasafiri kwenda kwa nyanya yake na sweta ya shule. Sisi husema mafundi ni waongo. Mimi nasema nusu ya uongo huo huanza kwenye tangazo, fundi hajashika hata mkasi. Tangazo lisilo na mpaka ni ahadi isiyo na mpaka.

Basi tukaandika. Jaribio la kwanza lilikuwa langu nalo halikufaa, maana nilimtia sauti ya kijana. Niliweka Sheng mle nikidhani ndiyo sauti ya Ruiru. Mwanagenzi ndiye aliyecheka kwanza. Fundi ni mama wa makamo, mwenye wajukuu, na wateja wake humwita Mama. Sheng ingekuwa vazi la kuazima kama ile Kiswahili ya bango. Mtu mwingine alishauri tangazo liwe la Kikikuyu, kwa kuwa ndiyo lugha ya fundi. Lakini katika daftari lake nilihesabu Wakamba, Waluhya, Wajaluo na Wakisii, na wote hao huzungumza naye kwa Kiswahili kile kile alichonacho. Hicho ndicho kilichotakiwa.

Haya ndiyo maneno yaliyokwenda hewani mwishoni:

"Jameni, Krismasi ndiyo hiyo. Mwaka huu nashona familia tisa tu, halafu nafunga daftari. Kitambaa kinifikie kabla ya tarehe 6. Watoto waje wenyewe niwapime, sipimi kwa nguo ya zamani. Nusu ya pesa kabla sijakata. Jumamosi niko Thika kwa dada, siku zingine Ruiru. Tarehe 20 nguo ziko tayari. Ukikuja tarehe 23 tutakunywa chai tu."

Mwalimu wa Kiswahili atachukua kalamu nyekundu afute "ukikuja" aandike "ukija". Mimi nililiacha makusudi. Yeyote aliyewahi kupimwa na mama huyu atalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake na pini mbili zikiwa kwenye midomo. Kulisafisha ni kumtoa mwenyewe kwenye tangazo na kumrudisha yule kijana.

Lakini nisieleweke vibaya. Si makosa ya sarufi yanayofanya tangazo lisikike kama fundi. Wapo wanaodhani ukitia "jameni" na "ukikuja" umekwisha kupata sauti ya mtu. Ondoa maneno hayo mawili na bado utamtambua, kwa sababu ya "sipimi kwa nguo ya zamani". Sentensi hiyo hawezi kuitunga mtu ambaye hajashona. Mama wengi huleta gauni la mwaka jana la binti wakisema, fuata hili, ongeza kidogo. Nguo iliyovaliwa mwaka mzima imelegea kiunoni na kwapani, na mtoto wa miaka tisa amekua urefu bila kukua mabega. Ukiongeza "kidogo" kila mahali unapata gauni linaloning'inia mabegani na kubana kifuani. Fundi amelipa hasara hiyo kwa kitambaa chake mwenyewe. Ndiyo sababu analisema kwa ukali.

Vivyo hivyo "nusu ya pesa kabla sijakata". Watu wengine waliniambia neno hilo lina ubaridi, afadhali angesema "arubuni inahitajika". Hapana. Arubuni ni neno la haki, na wenye maduka walitumie, lakini yeye hulipima deni lake kwa mkasi. Kabla ya kukata, kitambaa ni cha mteja na kinaweza kurudishwa. Baada ya kukata hakuna kurudi. Kitambaa kimekuwa gauni la mtu mmoja, na kama mtu huyo hakutokea, halimfai mwingine. Neno "sijakata" linaonyesha mahali hasa ambapo hatari inahama kutoka kwa mteja kuja kwa fundi.

Tarehe 6 nayo ina hadithi yake. Kwa hesabu ya daftari ilifaa iwe tarehe 29 Novemba, maana ukisubiri mpaka Desemba 6 zinabaki siku tisa za kushona, yaani nguo 18, nusu ya kazi yote. Nilipoandika 29 fundi akanitazama. "Mshahara wa Novemba haujaingia. Nani atanunua kitambaa?" Kweli. Mfanyakazi wa kiwandani Thika au askari wa lango Ruiru hana pesa ya kitenge kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tarehe 6 ilibaki, na shida ya nguo 18 ikatatuliwa kwa njia nyingine: kwa kuwa stetasi hufutika yenyewe baada ya saa 24, ilibidi iwekwe upya kila siku, na kila ilipowekwa hesabu ilibadilika. "Zimebaki saba." "Zimebaki tano." Akina mama wa sokoni, ambao hawangoji mshahara, walikuja juma la kwanza baada ya kuona namba inashuka. Wale wa mshahara wakapata nne za mwisho. Kile ambacho wengi hukiona kuwa ni upungufu wa stetasi, yaani kufutika kwake, hapa kiligeuka kuwa kalenda.

Yapo mambo tuliyoyaacha nje. Bei ilikuwa moja. Fundi hakutaka kuitaja, kwa sababu gauni lenye bitana na lisilo na bitana si bei moja, na akitaja ya chini atashikwa nayo. Mimi ningeitaja angalau ya shati, kwani msomaji asiye na bei huogopa kuuliza. Hapo hatukupatana, na neno lake likasimama kwa kuwa biashara ni yake.

Jingine ni habari za kitambaa, ambazo zingejaza ukurasa. Familia ya watu wanne huhitaji kama yadi 11 za kitenge: nne za mama, tatu za baba, mbili mbili za watoto. Kitenge huuzwa kwa vipande vya yadi sita, kwa hiyo lazima vipande viwili. Watu hununua kimoja Thika leo na kingine Nairobi juma lijalo, "ni kile kile", na vikilazwa mezani pamoja chekundu cha kimoja kimeiva kuliko cha pili. Katika picha ya familia baba ataonekana kama amealikwa kutoka ukoo mwingine. Dawa ni kununua vyote viwili duka moja, siku moja, na kuvikunjua mlangoni kwenye mwanga wa jua kabla ya kulipa. Kisha kuna suala la pamba. Kitenge cha pamba kisipolowekwa kabla ya kukatwa huruka kikifuliwa mara ya kwanza, na lawama humwendea fundi. Huwezi kujua kwa kushika tu, kwa hiyo fundi huchomoa nyuzi chache ukingoni akazichoma kwa kiberiti: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, lakini nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Hayo yote huyasema mtu akishamwandikia kuuliza. Tangazo kazi yake ni kumleta aulize.

Na picha? Kijana wa vocha alikuwa ameweka picha ya gauni la harusi la Afrika Magharibi, lenye mikono kama mabawa na shanga kifuani. Ni gauni zuri mno, ila fundi hajawahi kulishona. Hiyo ni ahadi nyingine isiyo na mpaka: mteja ataleta kitambaa cha yadi nne na kuonyesha kidole, "nataka hili". Tukaiondoa tukaweka shati la bwana mmoja wa Makongeni lililokuwa limening'inia pale kibandani, kwa ruhusa yake, mshono wa kola ukionekana vizuri. Shati si la ajabu. Lakini michoro ya kitenge inakutana sawasawa pale kifuani vifungo vinapofungwa, na mwenye kujua nguo ataliona hilo mara moja.

Kuna rafiki yangu mfanyabiashara aliyesoma tangazo jipya akatikisa kichwa. Aliniambia kumtajia mteja mipaka ni kumfukuza aende kwa fundi wa kibanda cha pili. Sikatai kwamba wapo waliokwenda. Mwanamke mmoja alijibu kwa hasira kwamba miaka yote hupokelewa tarehe 15, kwa nini leo afungiwe? Fundi alimjibu kwamba mwaka uliotangulia alipokelewa tarehe 15 akapata gauni lisilo na bitana tarehe 24 usiku, wakanuniana mpaka Machi. Familia zilizoandikishwa zilikuwa nane. Nafasi ya tisa aliiweka kwa ajili ya marekebisho, maana hakuna msimu usio na mtoto aliyepasua mshono siku ya kwanza.

Tarehe 6 jioni, akiwa ndani ya matatu akirudi kutoka Thika, aliandika mwenyewe bila kuniuliza: "Nimefunga daftari. Wenye ziko kwangu ziko salama. Wengine tuonane Januari, nguo za shule."

Kijana wa vocha alisoma, akauliza mbona hakutia fataki.